Kompresa imeboresha sauti au imeikuza tu? Njia tano za kusawazisha kabla ya kuchagua

Umeweka kompresa kwenye sauti ya mwimbaji, umezungusha nobu mpaka ukaridhika, kisha unabonyeza `Bypass` usikie tofauti. Ikizimwa, sauti inanywea. Ikiwashwa, inasogea mbele, inajaa, maneno yanashikika. Unaiacha iwashwe na kazi inaendelea. Swali ambalo haliulizwi hapo ni kama hayo uliyoyasikia yameletwa na kompresa kubana sauti, au na desibeli mbili zilizoongezwa mwishoni mwake. Jaribu kuizima na kuipandisha sauti mbichi kwa desibeli hizo hizo mbili. Mara nyingi nayo itasogea mbele, itajaa, na maneno yatashikika.

Sababu iko sikioni. Sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na tena hali hiyo hubadilika kadiri sauti inavyokuwa kubwa au ndogo. Fletcher na Munson walichora mikunjo ya tabia hii mwaka 1933, na vipimo vilivyofuata vikazaa kiwango cha kimataifa cha ISO 226. Kwa lugha ya studio: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo ya kwanza kupotea, na ukipandisha, besi hurudi kwa kasi kuliko masafa ya kati. Kwa hiyo kuongeza sauti peke yake, bila kugusa ikwalaiza, hubadilisha unavyousikia uwiano wa muziki, na hubadilisha kwa namna tunayoipenda.

Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Tofauti ya desibeli 3 utaitambua, utasema hii ni kubwa. Lakini nusu desibeli hadi moja haisikiki kama ukubwa. Inasikika kama uwazi, joto, upana, “uhai”, yale maneno yote tunayotumia kusifia plagini. Ndiyo maana kusawazisha kwa kukisia hakutoshi, na ndiyo maana inafaa kujua kila njia ya kusawazisha inakukosesha kiasi gani.

Tuchukue mfano mmoja na kuupitisha kwenye njia zote tano. Kuna kiitikio cha sekunde 20, sauti ya mwimbaji peke yake. Kabla ya kompresa, kilele chake ni −6.0 dBFS na ukubwa wake uliopimwa kwa kipande chote ni −20.0 LUFS. Kompresa imewekwa uwiano wa 4:1, kizingiti −22 dB, na kasi ya kushika isiyo ya haraka sana. Gein ya kufidia bado iko sifuri. Kinachotoka kina kilele cha −12.5 dBFS na ukubwa wa −24.3 LUFS. Sasa tunataka kuirudisha ilipokuwa ili tulinganishe kwa haki. Tuongeze ngapi?

Kwa vilele

Njia inayomjia mtu kwanza ni kutazama mita ya traki. Kilele kilikuwa −6, sasa ni −12.5, basi ongeza 6.5. Mita zimelingana, moyo umetulia.

Lakini kompresa kazi yake ni kupunguza vilele zaidi ya inavyopunguza sauti iliyobaki. Hapa kilele kimeshuka kwa 6.5 huku ukubwa wa jumla ukishuka kwa 4.3 tu. Ukirudisha vilele mahali pake, mwili wa sauti unapanda juu ya ulipokuwa: kutoka −24.3 unafika −17.8 LUFS, yaani kubwa kwa 2.2 kuliko sauti mbichi. Na kadiri kompresa inavyobana kwa nguvu, ndivyo kosa linavyokua. Njia hii inaipendelea plagini kwa kiasi kile kile ambacho plagini imefanya kazi. Kwa ngoma ni mbaya zaidi, maana pigo la sneya lina kilele kirefu chembamba na mwili mfupi. Kikikatwa kile kilele, unajikuta umeongeza mwili mzima kwa kufidia kitu kilichodumu milisekunde chache.

Mita ya vilele ipo kukuambia kama utapasua sauti. Ukubwa si kazi yake, na katika kulinganisha sioni mahali pa kuitumia kabisa.

Kwa sindano ya kompresa

Wengine husoma sindano inayoonyesha kompresa inapunguza kiasi gani. Inacheza mpaka 6, basi wanaongeza 6. Njia hii ina mantiki zaidi, kwa sababu inatazama kazi ya kompresa yenyewe. Kasoro yake ni kwamba jicho hukamata pale sindano inapofika mbali zaidi. Kwenye neno lililopigiwa kelele inafika 6, kwenye neno la kawaida ni 4, kwenye mwisho wa mstari ni 1, na kati ya mistari ni sifuri. Ukiongeza 6 kote, kila sehemu isiyobanwa kwa 6 imekua. Katika mfano wetu matokeo ni −18.3 LUFS, kubwa kwa 1.7.

Mtu mzoefu husoma sindano kwa wastani wa macho na kuongeza pungufu ya anachokiona. Anaweza kukaribia. Ni makisio ya haraka yanayofaa ukiwa bado unatafuta mwelekeo, kabla hujaamua chochote.

Kwa kitufe cha kiotomatiki

Hapa ndipo wengi hujiamini kupita kiasi, kwa sababu kitufe kimeandikwa `Auto Gain` au `Auto Makeup`, na mtu anadhani kazi imeisha.

Chini ya majina hayo kuna mashine za aina mbili zisizofanana. Aina ya kwanza haiisikilizi sauti yako hata kidogo. Inatazama kizingiti na uwiano ulioweka, inapiga hesabu, na kuongeza. Mfano wa hesabu kama hiyo: kizingiti kiko desibeli 22 chini ya sifuri, na kwa uwiano wa 4:1 sauti ya 0 dBFS ingepunguzwa robo tatu ya hizo, yaani 16.5, ongeza nusu yake, takriban 8.3. Sauti yetu haikufika 0 dBFS hata mara moja, na kasi ya kushika imeacha mengi yapite, lakini hesabu haijui hayo. Tunapata −16.0 LUFS. Kubwa kwa 4.0! Hakuna kompresa isiyosikika tamu ikiwa imeongezewa desibeli nne.

Utajuaje kama yako ni ya aina hii? Simamisha muziki, kisha sogeza kizingiti. Kama gein ya kufidia inabadilika pasipo sauti yoyote kupita, inakisia kutoka kwenye nobu.

Aina ya pili hupima kweli kinachoingia na kinachotoka, ikasawazisha. Hiyo ni bora zaidi, ila ina tabia moja ya kuangalia: baadhi yake huendelea kurekebisha muziki unapopita. Ubeti ukiwa mdogo inapandisha, kiitikio kikija inashusha. Ukilinganisha kwa hali hiyo unasikia kompresa pamoja na mkono wa pili unaosogeza sauti kila mara, na hukumu yako haihusu tena kompresa uliyoiweka. Kama plagini ina namna ya kupima kipande kimoja kisha kukigandisha, tumia hiyo. Kama haina, soma inaongeza ngapi kwa wastani, zima kitufe, andika namba hiyo kwa mkono.

Kwa LUFS

Mita ya LUFS inafuata kanuni ya ITU-R BS.1770, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 kwa ajili ya utangazaji. Inafanya mambo mawili ambayo mita ya kilele haifanyi. Kwanza inachuja sauti kabla ya kupima: inapunguza besi ya chini kabisa na kuinua masafa ya juu kwa desibeli kama 4, ili ikaribie kidogo namna sikio linavyopima. Pili inapima nguvu kwa wastani wa muda badala ya kuvizia ncha. Kuna usomaji wa milisekunde 400, unaorukaruka; kuna wa sekunde 3, uliotulia; na kuna wa jumla, unaokusanya kuanzia ulipobonyeza kuanza. Tofauti ya LU 1 ni desibeli 1, kwa hiyo hakuna hesabu ya kubadilisha.

Utaratibu wake ni mfupi. Chagua kipande chenye kuimba mfululizo, sekunde 10 hadi 20, ukizungushe kijirudie. Weka mita baada ya kompresa. Zima kompresa, futa kumbukumbu ya mita, cheza kipande kizima, andika namba ya jumla. Washa, futa tena, cheza kipande kile kile kuanzia mahali pale pale, andika. Tofauti ya namba mbili ndiyo gein ya kuweka kwenye nobu ya kutoka. Kisha pima mara ya tatu kuhakikisha. Katika mfano wetu: −20.0, halafu −24.3, unaongeza 4.3, unarudi −20.0. Lenga tofauti isiyozidi 0.2, mita na nobu nyingi zinaruhusu 0.1 bila shida.

Kusahau kufuta mita kabla ya usomaji wa pili ndilo kosa linaloharibu vipimo vingi. Usomaji wa jumla hukusanya, kwa hiyo namba ya pili inakuwa mchanganyiko wa hali mbili na tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukiona umeongeza gein na usomaji wa tatu haukufika ulipotarajia, anza kuchunguza hapo.

Kosa la pili ni la kipande chenyewe. Usomaji wa jumla una mlango: vipande vya milisekunde 400 vilivyo chini ya −70 LUFS havihesabiwi, na baada ya hapo vilivyo zaidi ya LU 10 chini ya wastani navyo vinaachwa. Hii ni nzuri kwa kipindi cha redio chenye mapumziko. Kwa kulinganisha plagini inaweza kukuchezea. Sauti mbichi ina kimya kati ya mistari, na kimya kile kinaachwa nje ya hesabu. Kompresa ikiinua pumzi na mikia ya maneno, zile sehemu zinavuka mlango na kuingia kwenye wastani, zikiushusha. Mita inasema sauti imekuwa ndogo wakati ukweli kuna zaidi ya kusikia. Ndiyo sababu ya kuchagua kipande chenye kuimba mfululizo.

Tukiendelea na mfano, weka namba pamoja:

| Njia | Gein iliyoongezwa | Ukubwa unaopatikana | Ukilinganisha na sauti mbichi |
|---|---|---|---|
| Vilele | 6.5 dB | −17.8 LUFS | kubwa kwa 2.2 |
| Sindano | 6.0 dB | −18.3 LUFS | kubwa kwa 1.7 |
| Kiotomatiki cha kukisia | 8.3 dB | −16.0 LUFS | kubwa kwa 4.0 |
| LUFS | 4.3 dB | −20.0 LUFS | sawa |
| LUFS, kisha sikio | 3.8 dB | −20.5 LUFS | ndogo kwa 0.5 kwenye mita |

Angalia kwamba zile tatu za kwanza zimekosea upande mmoja. Zote zinaikuza sauti iliyopita kwenye plagini. Mtu anayetumia yoyote kati ya hizo kila siku atajikuta anaamini kwamba kila kompresa inasaidia, na kwamba ikibana zaidi inasaidia zaidi.

Sikio linaingia wapi

Mstari wa mwisho wa jedwali unahitaji maelezo, kwa sababu ndio ninaoutumia na unaonekana kupingana na yote yaliyotangulia. Kama mita imesema ni sawa, kwa nini kugusa tena?

Kwa sababu BS.1770 ni makadirio ya kawaida kwa wasikilizaji wengi na muziki uliokamilika. Haijui kwamba wewe unasikiliza mwimbaji ndani ya miksi, gitaa zikiwa zimekaa pale pale anapokaa. Sauti iliyobanwa haizami kwenye mwisho wa maneno, kwa hiyo ndani ya miksi inasikika karibu kuliko sauti mbichi yenye LUFS ile ile. Fumba macho, badilisha huku na kule, na ushushe kidogo kidogo mpaka hakuna inayoruka mbele ya nyingine. Katika mfano huu nusu desibeli ilitosha. Sikizia neno moja la kawaida katikati ya mstari, si lile la kelele wala si mwisho wa mstari. Ukisawazisha kwa neno la katikati, utayasikia vizuri mengine yote kama tofauti za kweli: kelele imetulizwa, mwisho umeinuliwa.

Kuanza na sikio bila mita ndilo jambo lisilofaa. Ukiwa umeanzia mbali, desibeli 2 au 3, sikio huzoea kubwa na kuiona ndogo kuwa ina kasoro, na utaishia kati ya njia. Mita ikufikishe karibu, sikio limalizie hatua isiyozidi desibeli moja. Ukiona sikio linadai zaidi ya hapo, rudia kipimo kwanza, huenda namba ndiyo mbovu.

Plagini zisizo kompresa

Ikwalaiza inakuja na mtego wake. Ukiinua masafa ya juu kwa desibeli 3, LUFS inapanda kidogo, tuseme 0.6. Unashusha yote kwa 0.6. Sasa sehemu ya kati ya sauti ambayo hukuigusa imeshuka kwa 0.6, na hiyo ni haki: unalinganisha mizani mbili, moja yenye mng’ao zaidi na mwili pungufu kidogo. Ukisikia kwamba mng’ao umekuja lakini mwimbaji amekonda, umejifunza kitu ambacho kabla ya kusawazisha usingekisikia.

Besi ni kesi ngumu zaidi. Kichujio cha LUFS hupunguza masafa ya Hz 60 kwa desibeli kama 3 tu, wakati sikio lako, hasa ukisikiliza kwa sauti ya chini, linapunguza zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo ukiinua besi kwa nguvu, mita inaona ongezeko kubwa kuliko unalolisikia, na ukiitii moja kwa moja, toleo lenye besi linanyongwa: kila kitu juu ya besi kimeshushwa na unaona ikwalaiza imeharibu. Hapa napendelea kusawazisha kwa kusikiliza sehemu ambayo haikuguswa, mfano mwimbaji au sneya, na kuacha LUFS ipishane kidogo. Ni kinyume cha kanuni, lakini swali unalouliza ni kama besi hii inafaa chini ya mwimbaji huyu, na mwimbaji ndiye anayepaswa kubaki mahali pake.

Plagini za kuchafua sauti, zile za kuiga kanda na valvu, zina sharti moja: fidia ifanyike kwenye kutoka, kamwe isiwe kwenye kuingia. Ukipunguza kinachoingia, umepunguza pia uchafu wenyewe, na unalinganisha kitu kingine. Riverbu iache mita pembeni; sawazisha sauti kavu kwa sauti kavu, mkia usikilize kama mkia.

Jambo la mahali pa kuweka gein linahusu plagini zote. Iweke mara tu baada ya plagini unayoipima, kabla ya nyingine inayofuata. Ukifidia kwa feda ya traki mwishoni mwa mnyororo, na katikati kuna kompresa ya pili, hiyo ya pili imepata sauti kubwa na imebana zaidi. Kinachosikika ni kazi ya plagini mbili. Na kama traki inatuma sauti kwenye riverbu, feda itabadilisha na riverbu pia.

Miksi kwa miksi

Kulinganisha matoleo mawili ya miksi yako ni rahisi, kwa kuwa mpangilio ni ule ule na urefu ni ule ule: pima jumla ya wimbo wote, shusha iliyo kubwa. Daima shusha, usipandishe. Ukipandisha iliyo ndogo unaweza kugonga sifuri na kuipasua, kisha ukailaumu miksi.

Ukiwa na mafaili nje ya programu ya kurekodia, `ffmpeg` inatosha. Amri ya kwanza inapima, ya pili inashusha na kuhifadhi kwa biti 24:

```
ffmpeg -hide_banner -i miksi_b.wav -af ebur128 -f null -
ffmpeg -i miksi_b.wav -af volume=-1.3dB -c:a pcm_s24le miksi_b_sawa.wav
```

Namba unayoitaka iko kwenye muhtasari wa mwisho, mstari unaoanza na `I:`. Hakikisha mafaili yote mawili ni ya stirio au yote ni ya mono. Kanuni hujumlisha nguvu za chaneli, kwa hiyo sauti ile ile ikiwa kwenye faili la mono inasomeka LU 3 chini kuliko ikiwa kwenye chaneli mbili, na mtu asiyejua atahangaika kuzitafuta desibeli tatu ambazo hazikupotea popote.

Wimbo wa rejea ndio unaosumbua, kwa sababu mpangilio wake si wako. Chukua wimbo uliokwisha masteringi wenye −9.0 LUFS kwa jumla, na kiitikio chake kinasoma −7.5 kwenye usomaji wa sekunde 3. Miksi yako ina −19.0 kwa jumla na kiitikio −16.0, kwani una beti tulivu ndefu zinazovuta wastani chini. Ukisawazisha kwa jumla utashusha rejea kwa 10, na kiitikio chake kitakaa −17.5. Kiitikio chako kiko −16.0. Umejipendelea kwa 1.5, na utatoka ukijisifu kwamba miksi yako ina nguvu kuliko ya wenzako. Sawazisha kiitikio kwa kiitikio: shusha rejea kwa 8.5. Ukihamia kulinganisha beti, pima upya kwa beti.

Hata baada ya hapo rejea itaonyesha vilele vifupi kuliko vyako, kwa sababu imepitia limita. Usijaribu kuirekebisha hiyo kwa gein. Hapo linganisha mizani ya besi, mwimbaji na masafa ya juu; suala la pigo la ngoma liache mpaka miksi yako nayo ipite kwenye limita.

Na limita yenyewe ndiyo plagini inayonufaika kuliko zote kwa kutosawazishwa. Tuseme umeisukuma kwa desibeli 5 na miksi imetoka −14.2 ikafika −9.8 LUFS, ongezeko la 4.4. Baadhi ya limita zina kitufe cha kushusha kinachotoka kwa gein ile ile iliyosukumwa, hapa 5. Ni msaada mkubwa, ila kinaiacha iliyobanwa ikiwa ndogo kwa 0.6, kwa sababu limita imekula sehemu ya ile gein. Kwa uamuzi wa mwisho shusha 4.4 kwa mkono. Kisha sikiliza sneya peke yake katikati ya kiitikio. Kama pigo limekuwa butu, au kiki inasukuma mwimbaji nyuma kila inapopiga, sasa unajua bei ya desibeli zile. Huduma kama Spotify, ambayo kwa kawaida husawazisha nyimbo karibu na −14 LUFS, zitaishusha miksi ya −9.8 kwa zaidi ya desibeli 4, na msikilizaji atasikia takriban kile unachosikia hapo ulipo.

Ipi uchague

Ukiwa unatafuta tu mwelekeo, umefungua kompresa tatu na unataka kujua ipi inakaribia tabia unayoitaka, sindano iliyosomwa kwa wastani au kiotomatiki kinachopima kweli kinatosha. Ukiwa unaamua mpangilio utakaobaki, LUFS ya kipande kifupi na kumalizia kwa sikio. Inachukua dakika mbili. Kwa besi, sehemu isiyoguswa. Kwa rejea, sehemu kwa sehemu. Vilele viache vifanye kazi ya kuzuia kupasuka.

Baada ya kusawazisha, mara nyingi tofauti iliyokuwa kubwa inasinyaa mpaka hujui kama ipo. Hapo jaribu upofu: fumba macho, bonyeza `Bypass` haraka mara nyingi mpaka upoteze hesabu, sikiliza, chagua unayoitaka, kisha fungua macho uone ni ipi. Rudia mara kadhaa. Kwa jambo zito zaidi, kama kuamua kati ya masteringi mbili, kuna programu za ABX, mojawapo ikiwa nyongeza ya foobar2000, zinazokuchezea X na kukuuliza ni A au B. Ukipatia 12 kati ya 16, uwezekano wa kufika hapo au zaidi kwa bahati tu ni chini ya asilimia 4. Ukipatia 9, huna ushahidi wa kutosha kwamba unazitofautisha, na unaweza kuchagua ile isiyokula nguvu ya kompyuta.